Nani anamlipa paroko?

Nilikua nikihesabu sadaka. Mama alikuwa mweka hazina wa jumuiya yetu ndogo ndogo, na kila Jumapili jioni meza ya chakula iligeuka benki: sarafu huku, noti zilizokunjwakunjwa kule, bahasha za zaka kwenye kikapu. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha noti. Siku moja nikauliza, "Mama, hivi paroko analipwa na nani?" Hata hakuinua macho. "Analipwa na hiyo unayoinyoosha. Nyoosha vizuri."

Swali hilo lilinirudia miaka mingi baadaye nikiwa Ufaransa. Nilikuwa naishi Lyon, na Jumamosi moja nikaenda Mâcon, nikapanda basi mpaka mji mdogo wa Cluny kutazama kanisa ambalo halipo. Kanisa la abasia ya Cluny lilikuwa na urefu wa mita 187, na mpaka Basilika ya Mtakatifu Petro ilipojengwa upya kule Roma, hakukuwa na kanisa kubwa kulishinda. Leo unasimama pale palipokuwa na mlango mkuu, unatazama mbele, unaona misingi ya nguzo, halafu barabara imekatiza, halafu majengo ya watu, na mbali kabisa mnara mmoja uliosalia kwenye bawa la kusini. Kando yake kuna mazizi ya farasi yaliyojengwa enzi za Napoleon, na mawe yake yana asili moja na mawe ya kanisa.

Nilikuwa nadhani umati wenye hasira ndio uliolivunja. Kumbe liliuzwa, mwaka 1798, kwa hati na risiti, na walionunua wakalifanya machimbo. Walibomoa na kuuza mawe polepole kwa zaidi ya miaka 20. Ndiyo maana Mapinduzi ya Ufaransa yananivuta zaidi upande huu wa makaratasi kuliko upande wa gilotini. Jambo lilianza kama hesabu ya deni, na likaishia kugawa kila kijiji vipande viwili pale kanisani, mbele ya altare.

Mwaka 1789 serikali ya Mfalme Louis wa 16 ilikuwa imefilisika. Karibu nusu ya mapato yake ilikwenda kulipia madeni. Upande wa pili kulikuwa na Kanisa, lenye takriban sehemu moja ya kumi ya ardhi ya nchi, zaidi kaskazini kuliko kusini, na juu ya hapo zaka: kila mkulima alitoa sehemu ya mavuno yake, apende asipende. Usiku wa tarehe 4 Agosti wabunge walianza kufuta haki za kikabaila, na katika siku chache zilizofuata zaka nayo ikafutwa. Hapo tayari swali langu la utotoni lilikuwa mezani. Zaka imekwenda, sasa paroko atakula nini?

Aliyeleta jibu alikuwa askofu, Talleyrand wa Autun. Tarehe 10 Oktoba alisimama bungeni akasema mali ya Kanisa si mali kama nyumba ya mtu binafsi. Ilitolewa na waamini kwa ajili ya kazi fulani: ibada, mapadri na maskini. Taifa likijitwika kazi hizo, linaweza kuchukua na mali. Thamani yake aliikadiria kuwa kama bilioni 2 za livri, ndiyo fedha yao ya wakati ule. Padri Maury akampinga vikali. Hoja yake ilikuwa kwamba mkianza na mali yetu leo, kesho hakuna hati ya mtu yeyote itakayosalimika. Tarehe 2 Novemba Bunge likapiga kura, likaridhia maneno yaliyopangwa na mbunge Mirabeau: mali zote za Kanisa ziwekwe mikononi mwa taifa, na taifa ligharimie ibada, liwatunze watumishi wake na kuwasaidia maskini. Kikaongezwa kifungu kwamba hakuna paroko atakayepata chini ya livri 1,200 kwa mwaka, mbali na nyumba na bustani yake.

Hapo kwenye 1,200 pana siri. Kabla ya Mapinduzi, paroko wengi wa vijijini hawakuiona zaka ya parokia zao. Ilichukuliwa na monasteri, au na makanoni, yaani mapadri wa baraza la kanisa kuu lililo mbali, nao wakamkatia paroko fungu lake maalumu. Tangu mwaka 1786 fungu hilo lilikuwa livri 700. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiishi kwa 700, akiona abate fulani anavuna zaka ya watu anaowazika na kuwabatiza yeye, sasa anaahidiwa karibu mara mbili. Ukisikia kwamba wakleri wa Ufaransa walipinga Mapinduzi tangu siku ya kwanza, kumbuka hesabu hiyo. Mapadri wa vijijini walikuwa miongoni mwa walioyapigia makofi.

Ardhi haiuziki kwa siku moja, na wadai hawasubiri. Desemba ile Bunge likaamua kutoa karatasi za thamani ya livri milioni 400, ziitwazo asinya, kila moja ikisimama badala ya ardhi itakayouzwa. Mwanzoni zilikuwa hati zenye riba, za livri 1,000 kila moja, si kitu cha kwenda nacho sokoni. Aprili 1790 zikafanywa fedha halali. Septemba ikaongezwa milioni 800, bila riba yoyote. Mashine ya kuchapa ikishazoea hivyo, nani ataizima?

Mnada wenyewe ulifanyika makao makuu ya wilaya, na namna yake inanifurahisha. Unawashwa mshumaa mfupi na watu wanataja bei. Ukizimika unawashwa mwingine, na shamba halijawa la mtu mpaka mshumaa mmoja uwake, uishe, uzimike bila yeyote kuongeza bei. Nakiona kile chumba: wakulima wenye nafasi, wakili wa mjini, mfanyabiashara wa nafaka, wote macho kwenye utambi, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukohoa.

Tuchukue shamba moja la mfano, linalokodishwa kwa livri 100 kwa mwaka. Kwa sheria ya Mei 1790 shamba kama hilo lilikadiriwa mara 22 ya pato lake, yaani 2,200. Tuseme linanunuliwa kwa bei hiyohiyo, ingawa mara nyingi mnada uliipandisha. Mnunuzi anatoa kwanza asilimia 12, livri 264. Iliyobaki, 1,936, anailipa kwa miaka 12 kwa riba ya asilimia 5, ambayo ni kama livri 218 kila mwaka. Si haba kwa mkulima, lakini analipa kwa asinya, na asinya inashuka. Mwanzoni mwa 1793 ilikuwa imebaki na kama nusu ya thamani yake, hivyo zile 218 zilimgharimu kama 110 za sarafu. Mwishoni mwa 1795 noti ya livri 100 haikufikia livri 1 ya fedha ngumu. Wengi walimaliza madeni yao mapema kwa karatasi zilizokuwa zikinyauka mikononi. Serikali ilipata fedha kidogo kuliko ilivyotarajia, lakini ilipata kitu kingine: maelfu ya watu ambao kurudi kwa utawala wa zamani kungewanyang'anya shamba. Maskini kabisa hawakupata kitu. Hawakuwa na ile 264.

Watawa nao hawakusalimika. Februari 1790 sheria iliacha kutambua nadhiri za kitawa, na mashirika yakafungwa, isipokuwa yale ya shule na hospitali, nayo yakafuata mwaka 1792. Lilifagiwa hata Shirika la Roho Mtakatifu na seminari yake ya Paris, lilelile ambalo mapadri wake walikuja kujenga misheni Bagamoyo mwaka 1868. Lilifufuka, kama tunavyojua sisi wa pwani.

Mpaka hapo ugomvi ulikuwa wa mali, na ugomvi wa mali huzungumzika. Maaskofu wengi walinung'unika tu. Lakini sasa taifa ni mwajiri wa mapadri, na mwajiri anataka kuipanga ofisi yake. Tarehe 12 Julai 1790 Bunge likapitisha Katiba ya Kiraia ya Wakleri.

Nimeisoma sheria hiyo kwa utulivu, na sehemu kubwa yake ni ya busara. Majimbo ya Kanisa, yaliyokuwa zaidi ya 130, mengine makubwa mno na mengine kama kigango, yakawa 83, moja kwa kila mkoa mpya wa serikali. Vyeo visivyo na kazi vikafutwa, pamoja na makanoni wale wa zaka. Askofu asitoke jimboni mwake zaidi ya siku 15 mfululizo bila ruhusa. Mishahara ikapangwa: askofu wa Paris livri 50,000, maaskofu wa miji midogo 12,000, na paroko kuanzia 1,200 za kijijini hadi 6,000 za Paris, wakilipwa kila miezi mitatu, tena mapema, na mhazini wa wilaya. Huduma zote ziwe bure. Muulize padri yeyote wa kijijini, hata leo, kama angekataa mshahara wa miezi mitatu kabla ya kazi.

Palipochoma ni uchaguzi. Askofu alichaguliwa na wapiga kura wa mkoa, paroko na wapiga kura wa wilaya, walewale waliochagua viongozi wa serikali. Kura ilipigwa Jumapili kanisani baada ya Misa, na kila mpiga kura alipaswa kuhudhuria Misa hiyo. Sharti lilikuwa hilo tu. Mprotestanti akikaa kwenye benchi mpaka mwisho angeweza kumchagua paroko wa Wakatoliki. Na askofu mpya hakutakiwa kuomba uthibitisho wa Papa. Angemwandikia tu barua kama ishara ya umoja.

Wabunge walidai hawajagusa imani, wamegusa utawala tu. Maaskofu wakajibu kwamba kumpa mtu mamlaka ya kuongoza roho za watu si utawala. Ni suala la nani amekutuma. Baadhi yao walikuwa tayari kutafuta njia, na waliomba jambo moja: Kanisa lenyewe liulizwe, kwa mtaguso wa taifa au kwa Papa. Bunge likakataa mtaguso. Ikabaki Roma.

Hapo panatia uchungu. Papa Pius wa 6 alimwandikia Mfalme kwa siri tarehe 10 Julai, akimwonya kwamba akiikubali sheria hiyo ataliingiza taifa zima katika upotovu. Mfalme alitangaza kwamba ataikubali tarehe 22. Barua ikamfikia tarehe 23. Akaificha, na mwezi Agosti akaitia sheria sahihi. Papa naye hakusema lolote hadharani kwa miezi minane. Wengine hutaja hesabu zake za kisiasa, maana mji wa Avignon, uliokuwa mali yake, ulikuwa unataka kujiunga na Ufaransa. Lolote liwalo, mapadri wa kawaida walifika siku ya kuamua bila neno kutoka Roma.

Siku hiyo ililetwa na sheria ya Novemba, ambayo Mfalme aliisaini siku moja baada ya Krismasi. Kila askofu, paroko na paroko msaidizi aape kuwa mwaminifu kwa taifa, kwa sheria na kwa mfalme, na kuilinda kwa nguvu zake zote Katiba iliyopitishwa na Bunge. Asiyeapa anahesabiwa kuwa amejiuzulu.

Bunge lilianza na mapadri na maaskofu waliokuwa wabunge. Padri Grégoire, mtetezi wa haki za Wayahudi na adui wa utumwa, alikuwa ameapa kwa hiari kabla. Tarehe 4 Januari 1791 likaanza kuita majina, huku nje umati ukipiga kelele za kutaka wakaidi wanyongwe kwenye nguzo za taa. La kwanza lilikuwa la askofu wa Agen. Akasimama, akasema kwa upole kwamba hasikitikii cheo wala mali, anasikitika tu kupoteza heshima ya wenzake, lakini hawezi kuapa. Akaitwa padri wa jimbo lake, Fournet. Yeye akasema atamfuata askofu wake kama shemasi Laurenti alivyomfuata Papa wake. Jina kwa jina, jibu likawa lilelile, mpaka ikaonekana kwamba orodha ile imegeuka jukwaa la mashahidi wa imani, ikaachwa katikati. Waheshimiwa wale walikuwa wamekadiria kwamba watu wa mshahara watafuata mshahara. Kati ya maaskofu wote wa Ufaransa walioapa ni saba tu, na Talleyrand mmoja wao.

Vijijini hesabu ilikuwa tofauti. Kiapo kililiwa Jumapili baada ya Misa, mbele ya halmashauri ya kijiji na waamini wote. Paroko amevaa mavazi yake, meya amesimama na utepe wake, wanawake wamejaza mabenchi na kila mmoja ana maoni yake. Wengi walijaribu njia ya katikati: naapa, lakini kwa yale yasiyogusa mambo ya roho. Meya mwelewa aliandika tu "ameapa". Mkali aliandika maneno yote, na wilaya ikajibu kwamba kiapo chenye "lakini" si kiapo. Mtu akajikuta amefukuzwa kwa kiunganishi kimoja.

Mwishowe zaidi kidogo ya nusu ya maparoko waliapa. Lakini wastani huo unaficha ramani. Mkoa wa Var, kusini mashariki, waliapa karibu wote. Alsace, kwenye mkoa wa Bas-Rhin, hawakufika mmoja kati ya kumi. Magharibi, kule Bretagne na Vendée, wengi walikataa. Sababu hazifanani. Alsace Wakatoliki waliishi ubavuni mwa Walutheri, na habari ya Mprotestanti kumchagua paroko haikuwa nadharia kwao. Magharibi padri alikuwa mtoto wa kijiji, na waamini wenyewe walimwambia cha kufanya. Ndiyo maana siamini kwamba kila kiapo kilitoka kwenye dhamiri ya padri peke yake. Mara nyingi aliapa ambako watu walitaka aape, na akakataa ambako angerudi nyumbani kwa kuzomewa.

Tarehe 24 Februari Talleyrand aliwaweka wakfu maaskofu wawili wa kwanza wa mfumo mpya, kisha akaachana na Kanisa akaendelea na siasa, kama mtu aliyemaliza kufunga duka. Machi na Aprili sauti ya Papa ikatoka hatimaye: Katiba ile ni batili, na walioapa wana siku 40 za kutengua. Baadhi walitengua. Wengine walikuwa wameshawaapia majirani zao machoni.

Sasa kila parokia ilikuwa na swali lililoingia mpaka chumbani. Paroko mpya, aliyechaguliwa na wilaya, anafika akisindikizwa na askari wa ulinzi wa taifa. Funguo za kanisa hazionekani. Vyombo vya altare navyo havipo. Anasoma Misa kwa watu sita, huku kijiji kizima kiko zizini au msituni kwa paroko wa zamani. Mama aliyejifungua anajiuliza: nikimpeleka mtoto kwa huyu, ubatizo utashika? Ndoa aliyofunga huyu ni ndoa? Maiti azikwe na nani? Serikali iliyotaka ardhi tu ilikuwa imeingia kwenye kitanda cha mgonjwa. Mfalme mwenyewe, Aprili ile, alizuiwa na umati kutoka Paris, kwa sababu ilisemekana anakwenda kula Pasaka kwa padri asiyeapa. Miezi miwili baadaye alijaribu kutoroka, akakamatwa Varennes.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nitayapitia mbio. Agosti 1792 waliokataa kiapo walipewa siku 15 kuondoka nchini. Septemba wengi waliokuwa wamefungwa Paris waliuawa, wakiwemo maaskofu na mapadri katika bustani ya watawa Wakarmeli. Machi 1793, serikali ilipodai vijana 300,000 kwenda vitani, Vendée ikashika silaha, na wengi wa wapiganaji walikuwa na picha ya Moyo Mtakatifu vifuani. Hata walioapa hawakupona. Septemba 1794 taifa likatangaza kwamba halimlipi tena padri yeyote. Miaka mitano haikuwa imetimia tangu lilipochukua ardhi kwa ahadi ya kuwalipa.

Napoleon alipopatana na Papa mwaka 1801, kifungu cha 13 cha mapatano kilisema Papa hatawasumbua walionunua mali za Kanisa. Kifungu cha 14 kikasema serikali itawalipa maaskofu na maparoko. Wa mshumaa walibaki na mashamba yao, na mapadri wakarudi kwenye daftari la serikali mpaka mwaka 1905, Ufaransa ilipotenganisha dini na dola na kuwafuta humo.

Isipokuwa Alsace na sehemu ya Lorraine. Mwaka 1905 zilikuwa chini ya Ujerumani, sheria haikuzifikia, na ziliporudi Ufaransa ziliachiwa utaratibu wa zamani. Kwa hiyo kule Bas-Rhin, ambako mwanzoni mwa 1791 karibu kila paroko alikataa kuapa kwa ajili ya mshahara wa serikali, mpaka leo paroko analipwa na serikali kila mwezi, na mchungaji wa Kiprotestanti na rabi pia. Nilimpigia mama nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Na sadaka bado wanatoa?" Nikamwambia wanatoa. "Haya," akasema, "basi kuna mtu anazinyoosha."